Barua Isiyo na Tarehe Wala Jina

Kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kupokea barua masjala. Kila asubuhi nilifungua bahasha, nikagonga muhuri wa tarehe ya kupokea, nikaandika kwenye daftari ni nani ameandika na anataka nini, kisha nikaitia barua kwenye jalada lake na kuipeleka kwa mhusika. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini walimu wetu wa Kiswahili walitusumbua na muundo wa barua rasmi. Kila sehemu waliyotudai, kuna mtu ofisini anaitafuta kwa macho.

Soma barua hii. Nimeitunga mwenyewe, ila kasoro zake zote nimezikuta kwenye barua za kweli. Anwani ya kwanza iko juu, upande wa kulia. Ya pili iko kushoto.

S.L.P. 123,
MANYONI.

Meneja,
Kiwanda cha Mafuta ya Alizeti,
S.L.P. 456,
SINGIDA.

Habari za kazi? Natumaini hujambo. Mimi ni kijana wa miaka 22, mhitimu wa kidato cha nne. Nimesoma tangazo lenu mlilobandika stendi, nami naomba nafasi hiyo. Nimefanya kazi ya kupokea na kupima magunia katika ghala la chama cha ushirika kwa miezi 18. Niko tayari kwa usaili siku yoyote mtakayonipangia.

Wako mtiifu,
(sahihi)

Kabla hujaendelea, chukua kalamu uandike sehemu unazoona hazipo. Wengi hutaja mbili. Ziko nne.

Tuanze juu. Baada ya anwani ya mwandishi inatakiwa tarehe, na hapa haipo. Mtu anaweza kusema muhuri wa masjala utaonyesha siku barua ilipofika. Ni kweli, lakini muhuri hausemi iliandikwa lini. Kama mwisho wa kupokea maombi ulikuwa Ijumaa na barua ikafika Jumatatu, tarehe ya mwandishi ndiyo pekee itakayoonyesha kwamba yeye aliandika mapema, na kuchelewa kumetokea njiani. Tena andika mwezi kwa jina: 3 Aprili 2025. Ukiandika 3/4/2025, yupo atakayesoma Machi 4.

Sehemu ya pili inayokosekana ni salamu ya heshima, ile ambayo kwetu Tanzania ni neno moja tu, "Ndugu," na mkato wake. Neno hili lilishika nguvu maofisini enzi za Ujamaa, nami nalipenda kwa sababu linatosha kwa mwanamume na mwanamke, kwa mkubwa na mdogo. Huna haja ya kukisia kama meneja ni bwana au bibi. Kijana wetu ameliacha, badala yake akaweka "Habari za kazi? Natumaini hujambo." Hapo wanafunzi wengi hudanganyika wanapofanya zoezi, maana wanaona kuna salamu wanapita. Hiyo ni salamu ya barua ya kirafiki. Katika barua rasmi haijazi pengo la "Ndugu," nayo yenyewe ni kitu cha ziada kinachotakiwa kuondolewa. Kwa hiyo unapokagua barua, usitafute kilichopungua tu. Tafuta pia kilichoingia kisipohusika.

Sasa tufike kwenye kosa lililonipa kazi kubwa kuliko yote masjala: kichwa cha habari. Hapa hakuna "YAH:", kifupisho cha "yahusu", ambacho ndugu zetu wa Kenya huandika "KUH:" au "MINT:", yaani kuhusu au mintarafu. Angalia madhara yake ndani ya barua yenyewe. Kijana anasema "naomba nafasi hiyo." Nafasi ipi? Tuseme tangazo la stendi lilitaka karani wa ghala, dereva na mlinzi. Uzoefu wake wa kupima magunia unatufanya tuhisi ni ukarani, lakini karani wa masjala hagawi barua kwa kuhisi. Anazigawa mafungu matatu kwa kusoma vichwa, na hii isiyo na kichwa inabaki pembeni ikisubiri mtu mwenye nafasi ya kuisoma yote. Mstari mmoja ungemwokoa:

YAH: MAOMBI YA KAZI YA KARANI WA GHALA

Kichwa hukaa chini ya "Ndugu," na juu ya aya ya kwanza, kwa herufi kubwa, bila nukta mwishoni. Kinaweza kuwepo na bado kisifae. "YAH: OMBI" hakimwambii msomaji lolote. "YAH: KUHUSU MAOMBI YA KAZI" kinarudia neno lile lile mara mbili, kwa kuwa "YAH:" tayari imeshasema kuhusu. Kipimo changu ni hiki: funika barua yote kwa kiganja, acha kichwa peke yake. Kama mtu asiyeijua habari anaweza kuipeleka barua kwenye meza inayostahili, kichwa kimekamilika.

Pengo la nne liko chini kabisa, na ndilo linalosahaulika kuliko yote. "Wako mtiifu" ipo, sahihi ipo, jina halipo. Mwandishi hulijua jina lake, na sahihi yake anaiona inasomeka. Kwangu mimi ilikuwa mikunjo miwili na mstari. Barua ya namna hiyo haiwezi hata kuingia daftarini vizuri, kwa sababu safu ya "kutoka kwa" haina cha kuandikwa. Jina kamili liandikwe chini ya sahihi, kwa herufi zinazosomeka, na kama mtu anaandika kwa wadhifa wake, cheo kifuate chini ya jina. Usitegemee kwamba uliliandika nyuma ya bahasha. Bahasha na barua hutengana siku ile ile ya kwanza, na ndiyo sababu hata anwani ya mwandikiwa hurudiwa ndani.

Wapo watakaoongeza la tano: Kumb. Na., yaani kumbukumbu namba. Hapo nasema hapana. Namba hiyo hutolewa na ofisi yenye majalada, ili jibu likija lijulikane linarudi kwenye jalada gani. Mtu binafsi anayeomba kazi hana jalada, kwa hiyo kukosekana kwake si kosa. Ingekuwa barua ya halmashauri au ya shule isiyo na Kumb. Na., ningeitia alama nyekundu. Akijibiwa, huyu kijana ataiona namba ya kiwanda juu ya jibu, na barua yake ya pili itaanza kwa kuitaja.

Baada ya kurekebishwa, barua yetu itakuwa na tarehe 3 Aprili 2025 chini ya Manyoni, "Ndugu," chini ya Singida, kichwa tulichokiandika, na kiini kinachoanza moja kwa moja: "Mimi ni kijana wa miaka 22." Maneno "nafasi hiyo" yanageuka kuwa "nafasi ya karani wa ghala", na jina linakaa chini ya sahihi. Tumeongeza mistari minne, tumefuta sentensi mbili, na barua haijazidi ukurasa.

Kama una barua ya maombi mezani hivi sasa, usiifunge bado. Anza kuikagua kutoka chini: tazama kama jina lako lipo chini ya sahihi, kisha panda hadi kwenye tarehe.