Kadi ya mtihani ikiwa na kosa, kuruhusiwa kuingia ukumbini hakutoshi

Simu iliingia saa tano usiku. Alikuwa binti wa ndugu yangu, mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja kule Thika, na mtihani wake wa kwanza ulikuwa kesho yake saa tatu asubuhi. Akaniambia, "Ami, kadi yangu ya mtihani ina masomo sita. Mimi nasoma saba." Nikamuuliza lini aliiona hiyo kadi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ndiyo kwanza nimeichapisha leo jioni."

Mtihani wa somo lile lililokosekana aliufanya. Alimweleza msimamizi mlangoni, msimamizi akamwonea huruma, jina lake likaandikwa kwa kalamu chini ya orodha, akaketi na kuandika. Nyumbani sote tukasema alhamdulillah, limekwisha. Kumbe ndiyo kwanza lilikuwa linaanza. Matokeo yalipotoka, masomo sita yalikuwa na alama na la saba halikuwapo kabisa.

Watoto wetu wengi kutoka Lamu, Malindi, Mombasa na Kwale wanasoma katika vyuo vilivyo kandokando ya barabara ya Thika. Chuo Kikuu cha Mount Kenya kiko Thika mjini, Zetech kiko Ruiru, Chuo Kikuu cha Kenyatta kina tawi lake Ruiru, na Jomo Kenyatta kiko Juja katikati ya miji hiyo miwili. Kila chuo kina taratibu zake, lakini namna kadi ya mtihani inavyopatikana na namna inavyoharibika hufanana. Nimeona niieleze, kwa sababu sisi wazazi tuko mbali na mara nyingi tunaletewa habari maji yakiwa shingoni.

Kadi inatoka wapi

Zamani kadi iliandikwa ofisini na kupigwa muhuri. Siku hizi mwanafunzi huingia katika akaunti yake kwenye mtandao wa chuo, akabonyeza na kuichapisha mwenyewe. Kwa hivyo ni rahisi kudhani kwamba kadi ni karatasi ya kuingilia tu, mfano wa tikiti ya basi. Sivyo. Kadi ni picha ya yale ambayo kompyuta ya chuo inayajua kumhusu mwanafunzi siku ile anapoichapisha, na habari hizo zinatoka katika ofisi tatu.

Jina na nambari ya usajili zinatoka kwa msajili, yaani ofisi iliyompokea mwanafunzi siku ya kwanza. Orodha ya masomo, au yuniti kama wanavyoziita wenyewe, inatoka katika idara, kutokana na masomo aliyoyasajili mwanzoni mwa muhula. Ruhusa ya kuichapisha inatoka kwa ofisi ya fedha, kwani vyuo vingi huifunga kadi mpaka karo ilipwe au ifike kiwango walichokubaliana.

Ukiishika kadi mkononi utakuta jina kamili, nambari ya usajili, kozi, muhula na mwaka wa masomo, kisha jedwali lenye msimbo na jina la kila somo. Kadi nyingi huwa na nafasi kando ya kila somo ambapo msimamizi hutia sahihi siku ya mtihani. Msimamizi hulinganisha kadi na kitambulisho cha mwanafunzi, na mwanafunzi naye hutia sahihi katika orodha ya waliohudhuria.

Sasa lishike hili, maana ndilo kiini cha mambo. Ile orodha ya usajili inayotoa kadi ndiyo hiyohiyo inayotoa karatasi ya alama anayoijaza mwalimu. Ikiwa somo halimo katika kadi, basi jina la mwanafunzi halimo katika karatasi ya alama ya somo hilo. Mwalimu anaweza kusahihisha kazi yake na kumpa alama nzuri, lakini hana pa kuiandika. Hivi ndivyo zinavyozaliwa baadhi ya zile alama zinazopotea ambazo wanafunzi wa vyuo vyetu huzilalamikia kila mwaka wa mahafali.

Somo likikosekana

Tukarudi kwa binti yetu. Tulipofuatilia tukagundua kwamba lile somo lilikuwa la idara nyingine, na msimbo wake ulikuwa umebadilishwa mtaala ulipopitiwa upya. Yeye alisajili kwa msimbo wa zamani alioupata kwa mwanafunzi aliyemtangulia. Kompyuta ikaukataa. Yeye akaendelea kuhudhuria darasani na kufanya kati zote mbili, hajui kwamba kwa hesabu ya chuo hayumo.

Kurekebisha baada ya mtihani kulichukua karibu miezi minne. Ilibidi aandike barua kwa mkuu wa idara yake na kutoa nakala kwa idara inayofundisha somo. Aliambatisha karatasi za kati zilizosahihishwa. Mwalimu alithibitisha kuwa alihudhuria, na orodha ya siku ya mtihani ikatafutwa kuonyesha lile jina lililoandikwa kwa kalamu. Sahihi yake mwenyewe katika orodha ile ndiyo iliyomwokoa. Lau angeliingia na kutoka bila kutia sahihi, sijui tungeliegemea nini. Wakati huo wote somo la mwaka wa tatu linalotegemea lile lilikuwa limefungwa kwake.

Kosa hilohilo lingeligunduliwa katika wiki za usajili, dawa yake ingelikuwa dakika chache: kwenda kwa mratibu wa kozi, kupewa msimbo sahihi, kusajili upya. Kwa hivyo siku ya kuikagua kadi ni ile anapomaliza kusajili masomo, ambapo mtandao humwonyesha orodha ya aliyoyasajili hata kabla kadi haijafunguliwa. Ailinganishe na ratiba ya darasani, msimbo kwa msimbo, kwani majina ya masomo hufanana. Kisha ahifadhi picha ya ukurasa ule yenye tarehe.

Kadi ikikataa kufunguka

Hili ndilo linaloletea wazazi simu nyingi. Mzazi amelipa, mtandao unasema bado kuna deni. Mara nyingi pesa hazikupotea, zimekaa mahali ambapo hazina mwenyewe. Anayelipa kwa M-Pesa huandika nambari ya chuo, kisha kwenye sehemu ya akaunti huandika nambari ya usajili ya mwanafunzi. Ukikosea tarakimu moja hapo, pesa zinaingia chuoni lakini hazimfikii mtoto wako. Zinaweza kumwangukia mwanafunzi mwingine au kubaki bila jina.

Jirani yangu alimtumia mwanawe wa Ruiru shilingi 18,500 kwa njia hii, akaandika 1 badala ya 7 mwishoni mwa nambari. Kijana alikwenda ofisi ya fedha mara mbili akaambiwa hakuna malipo, naye alikuwa akisema tu "baba amelipa." Mara ya tatu akabeba ule ujumbe wa M-Pesa wenye msimbo wa herufi na tarakimu kumi, tarehe na kiasi. Wakautafuta kwa msimbo badala ya jina, wakaupata, na kesho yake kadi ikafunguka. Basi usiufute ujumbe wa malipo mpaka mtoto akuonyeshe kwamba umeingia katika taarifa yake ya karo.

Wenye mkopo wa HELB wana jambo lao. Fungu la karo hupelekwa moja kwa moja chuoni, na fungu la matumizi humfikia mwanafunzi. Karo ikichelewa, kompyuta humwona mwanafunzi kama mdaiwa wa kawaida. Asingojee wiki ya mtihani. Aende ofisi ya fedha mapema na ushahidi kwamba mkopo umekubaliwa, aulize kama kuna fomu ya kuomba ruhusa ya kufanya mtihani huku malipo yakingojewa, na aipate kwa maandishi.

Jina likiandikwa vingine

Hapa sisi watu wa Pwani tuna balaa letu. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Fatma, cha KCSE kimeandikwa Fatuma, kitambulisho cha taifa kimetanguliza jina la babu. Mohamed na Muhammad, Abdulrahman kwa neno moja na Abdul Rahman kwa mawili. Sisi tunajua ni mtu mmoja, lakini msimamizi wa ukumbi mwenye watahiniwa mia mbili hana sababu ya kujua.

Kwanza pajulikane kosa limeanzia wapi. Chuo huchukua jina kutoka cheti cha KCSE. Ikiwa cheti kiko sawa na kadi ndiyo iliyokosea, kosa ni la chuo: mwanafunzi aende kwa msajili na cheti chenyewe na kitambulisho, aombe lirekebishwe. Ikiwa kosa liko katika cheti cha KCSE, chuo hakiwezi kulitoa, na njia yake inapitia Baraza la Mitihani la Kenya. Hiyo ni safari ndefu, na ni afadhali ianze mwaka wa kwanza kuliko mwaka wa mahafali, kwa sababu jina lililo katika rekodi ya chuo ndilo litakaloandikwa katika shahada.

Kosa likionekana asubuhi ya mtihani

Kwanza, asiandike chochote kwa mkono katika kadi. Kuongeza somo au kusahihisha jina mwenyewe kunaweza kuhesabiwa udanganyifu. Afike mapema, aende ofisi ya mitihani kabla ya ukumbini, na aombe barua au kadi ya muda yenye muhuri. Akiruhusiwa kuingia, aandike nambari yake ya usajili kwa usahihi juu ya kijitabu cha majibu, atie sahihi katika orodha ya waliohudhuria, na ajue jina la kazi la aliyemruhusu. Mtihani ukiisha, aende siku ileile kwa mkuu wa idara na barua fupi ili usajili wenyewe urekebishwe.

Nawe mzazi usishangae ukipiga simu chuoni ukaambiwa mtoto aje mwenyewe. Ni mtu mzima, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inawabana kutoa habari zake. Kazi yako ni kuuliza swali moja katika wiki ya usajili. Mimi sasa humpigia binti yetu mapema na kumwambia, "Nisomee masomo yako, na misimbo yake." Hucheka, lakini husoma yote saba.