Mauzo Yaliyopotea Mzigo Ulipoisha Stoo

Daftari la mauzo huonyesha kilichouzwa, si kilichotakiwa. Katoni za sabuni zikiisha Ijumaa mchana, rekodi ya Jumamosi itaonyesha mauzo sifuri, na sifuri hiyo haitofautiani na ya siku ambayo hakuna mteja aliyetaka sabuni. Ili kutenganisha siku hizo mbili, rekodi ya mauzo na oda inabidi isomwe sambamba na historia ya stoo. Ya kwanza inaonyesha watu waliomba nini na walipewa nini; ya pili inaonyesha kama siku hiyo kulikuwa na cha kuwapa.

Kazi inahitaji rekodi mbili zenye tarehe. Katika leja ya oda, kila mstari uwe na jina la mteja, bidhaa, idadi aliyoagiza na idadi aliyopelekewa. Safu hizo mbili za mwisho ndizo zinazokosekana mara nyingi, kwa kuwa wengi huandika walichouza tu. Katika leja ya stoo, kila siku iwe na salio la asubuhi, mzigo ulioingia, uliotoka na salio la jioni. Kama salio la kila siku halikuandikwa, linaweza kujengwa upya: mtu anaanza na hesabu ya mwisho ya mali iliyofanywa kwa mkono, anajumlisha kila kilichoingia na kutoa kila kilichotoka, siku baada ya siku.

Chukua mfano wa msambazaji wa Mwanza anayeuzia maduka ya rejareja sabuni ya miche kwa katoni. Anafungua Jumatatu hadi Jumamosi, kwa hiyo wiki 4 zina siku 24 za kazi. Katika muda huo ameuza katoni 378. Akigawanya kwa siku 24 anapata wastani wa katoni zisizofika 16 kwa siku, na hapo anaweza kuamini kwamba huo ndio mwendo wa sabuni yake.

Leja ya stoo inasema vingine. Wiki ya kwanza mzigo ulikuwepo siku zote. Wiki ya pili uliisha Ijumaa mchana, na stoo ikakaa tupu Jumamosi, Jumatatu na Jumanne iliyofuata, hadi gari la kiwandani lilipofika Jumatano asubuhi. Mzigo huo nao ukaisha Jumamosi ya wiki ya tatu kabla ya saa sita mchana. Jumatatu na Jumanne za wiki ya nne zikapita bila sabuni, na mzigo mwingine ukaingia Jumatano.

Hatua ya kwanza ni kuzipa siku zote 24 alama kufuatana na saldo hizo. Siku 17 zilikuwa na sabuni tangu kufungua hadi kufunga. Siku 5 hazikuwa nayo kabisa. Siku 2, yaani Ijumaa na Jumamosi mzigo ulipoishia, zilikuwa nayo kwa sehemu tu. Siku za aina hii ya tatu ndizo rahisi kupitwa, kwa sababu zina mauzo: Ijumaa ziliuzwa katoni 8 na Jumamosi 6. Anayeangalia mauzo peke yake atadhani biashara ilipoa. Dalili yake ni salio la jioni kuwa sifuri huku mauzo yakiwa chini ya kawaida, au mteja aliyeagiza katoni 10 kupelekewa 4.

Hatua ya pili ni kutafuta kiwango cha kawaida cha siku ambazo mzigo ulikuwepo. Hapa wastani mmoja kwa siku zote hautoshi, kwa sababu wenye maduka hujaza rafu Jumatatu baada ya mauzo ya mwisho wa wiki. Katika mfano huu, Jumatatu mbili zilizokuwa na sabuni ziliuza katoni 64, yaani 32 kila moja. Siku nyingine za kawaida ziliuza wastani wa 18. Kwa kuwa Jumatatu mbili ni miongoni mwa siku zilizokosa mzigo, kuzihesabia wastani wa siku nyingine kungepunguza hasara ya kweli.

Kuna mtego mwingine katika hatua hiyohiyo. Jumatano mbili ambazo mzigo uliingia ziliuza katoni 34 na 32, karibu maradufu ya Jumatano ya kawaida. Wateja hao hawakuongezeka ghafla. Wengi wao ni wale waliosubiri tangu Jumamosi. Siku hizo zisitumike kutafuta kiwango cha kawaida, la sivyo kitapanda kutoka 18 hadi 20. Ziada yake, katoni 30 juu ya kawaida ya siku mbili, iwekwe kando kama mauzo yaliyochelewa tu, kwa maana hayakupotea.

Hatua ya tatu ni hesabu yenyewe. Jumatatu mbili zilizokosa mzigo zingeuza katoni 64. Siku nyingine tatu zilizokuwa tupu zingeuza 54, na siku mbili za nusunusu zingeuza 36. Jumla ni 154. Katika siku hizo zote 7 ziliuzwa kweli katoni 14, kwa hiyo pengo ni 140. Zikiondolewa zile 30 zilizochelewa, zinabaki katoni 110 zilizopotea. Ukijumlisha 110 na 378 zilizouzwa, mahitaji ya wiki 4 yalikuwa katoni 488, sawa na zaidi ya 20 kwa siku. Msambazaji anayeagiza kwa kufuata wastani wake wa chini ya 16 ataagiza pungufu tena, mzigo utaisha tena, na rekodi ya mwezi unaofuata itamthibitishia kwamba alikuwa sahihi.

Makadirio hayo sasa yapimwe na leja ya oda. Katika siku 7 za upungufu, maduka yaliomba katoni 131 ambazo hazikutoka. Idadi hiyo haifai kutumika kama ilivyo, kwa sababu duka lililoomba katoni 5 Jumamosi, likapiga tena Jumatatu na Jumanne, linaonekana kama limetaka 15. Oda za duka lilelile kwa bidhaa ileile ndani ya kipindi kimoja cha upungufu zinahesabiwa mara moja, na kama idadi zinatofautiana inachukuliwa kubwa kuliko zote. Baada ya usafi huo zimebaki katoni 92. Ukitoa 30 zilizopelekwa mzigo ulipoingia, zinabaki 62 ambazo zina jina la duka na tarehe.

Kwa hiyo kuna majibu mawili: 62 zenye ushahidi wa maandishi na 110 za makadirio. Ya kwanza ni kima cha chini. Tofauti ya katoni 48 inatokana hasa na wateja ambao hawakupiga simu kabisa, kwa kuwa walishasikia kwamba sabuni imekwisha, na wengine ambao oda zao hazikuandikwa kwa sababu aliyepokea simu alijua hakuna cha kutoa. Ripoti ya haki inataja namba zote mbili. Ikitokea oda zilizosafishwa zinazidi pengo la makadirio, inafaa kuchunguza kama wateja wamegundua uhaba na kuanza kuagiza zaidi ya wanachohitaji, wakitarajia kupewa nusu.

Katoni 110 si hasara yote ya msambazaji, maana mteja aliyekosa aina moja anaweza kuchukua nyingine hapohapo. Mwaka 2002 watafiti Thomas Gruen, Daniel Corsten na Sundar Bharadwaj walichapisha utafiti uliokusanya takwimu za wanunuzi wa rejareja katika nchi nyingi. Walikuta kwamba bidhaa ikikosekana rafuni, wastani wa asilimia 31 ya wanunuzi huenda kuinunua duka jingine, 26 huchukua chapa nyingine, 19 huchukua aina nyingine ya chapa ileile, 15 huahirisha, na 9 hawanunui kabisa. Asilimia hizo ni za wanunuzi wa mwisho na hazifai kubandikwa kwa duka la jumla. Zinachoonyesha ni kwamba pengo la mauzo hugawanyika, na kila sehemu inaweza kutafutwa katika rekodi za biashara husika.

Msambazaji wa Mwanza ana sabuni ya chapa nyingine. Akilinganisha mauzo yake katika siku zile 7 na siku za kawaida, anakuta iliuza katoni 25 zaidi. Hapo hesabu inahamia kwenye fedha, na kinachotumika ni faida ya kila katoni, maana bei ya mzigo usionunuliwa haikutoka mfukoni. Kama sabuni iliyokosekana ina faida ya Sh 2,500 kwa katoni, zile 110 ni Sh 275,000. Kama chapa nyingine ina faida ya Sh 2,000, zile 25 zimerudisha Sh 50,000. Hasara iliyobaki ni Sh 225,000, na ndiyo ya kulinganisha na gharama ya kuweka katoni nyingi zaidi stoo au kuita gari mapema.

Njia hii inategemea saldo za stoo kuwa za kweli. Leja inaweza kusema kuna katoni 6 kumbe zimelowana, zimeibwa au zimewekwa nyuma ya magunia ambako hakuna anayeziona. Siku hiyo itapewa alama ya kuwa na mzigo, nayo itashusha kiwango cha kawaida. Bidhaa inayouza 18 kwa siku ikikaa siku mbili bila kuuza hata moja huku leja ikidai ipo, mtu aende stoo akahesabu kwa mkono. Kwa bidhaa ya mwendo wa polepole dalili hiyo haisaidii: inayouza moja kila baada ya siku tatu inaweza kukaa siku sita bila kuuza kwa bahati tu, kama mara moja katika kila saba.

Kwa bidhaa za namna hiyo, wiki 4 ni muda mfupi mno. Inahitajika rekodi ya miezi kadhaa, au bidhaa zinazofanana zihesabiwe kwa pamoja. Tahadhari nyingine ni siku zisizo za kawaida. Upungufu ukiangukia mkesha wa sikukuu, kiwango cha wiki za nyuma kitakuwa kidogo mno, na ni bora kutumia sikukuu iliyopita. Upungufu uliotokea baada ya punguzo la bei nao usipimwe kwa kiwango cha siku za punguzo.

Hesabu hii pia haimgusi mteja aliyehama moja kwa moja. Duka lililozoea kununua katoni 5 kila Jumatatu, likakosa mara mbili na kisha lisionekane tena, linaendelea kupunguza mauzo hata baada ya stoo kujaa. Huyo hupatikana kwa kulinganisha orodha ya walionunua kabla ya upungufu na ya walionunua wiki chache baadaye, jina kwa jina.