Kwa nini sehemu ya pili hupinduliwa?

Gawanya 1 3/4 kwa 1/2. Aliyemaliza shule ya msingi huenda bado anakumbuka njia: alama ya kugawanya igeuze iwe ya kuzidisha, sehemu ya pili ipindue kichwa chini, kisha zidisha. Jibu ni 3 1/2. Sasa tunga kisa cha maisha ya kila siku ambacho hesabu yake ni hiyohiyo. Hapo ndipo kalamu nyingi husimama.

Mwaka 1999 mtafiti Liping Ma, aliyewahi kufundisha shule ya kijijini nchini China kabla ya kwenda kusoma Marekani, alichapisha kitabu kilicholinganisha walimu wa shule za msingi wa nchi hizo mbili. Moja ya maswali yaliyomo ni hilo hapo juu. Kati ya walimu 23 wa Marekani, ni mmoja tu aliyetunga kisa chenye maana sahihi. Kati ya walimu 72 wa China, 65 waliweza. Kosa lililojitokeza sana kwa Wamarekani lilikuwa kusimulia keki moja na robo tatu inayogawiwa watu wawili sawasawa. Kisa hicho kinaeleweka vizuri, lakini ni cha kugawanya kwa 2, si kwa nusu, na kila mtu angeondoka na 7/8 ya keki.

Kugawanya kwa nusu huuliza swali jingine kabisa: ndani ya 1 3/4 mna nusu ngapi? Ukilishika swali hilo, mchoro mmoja wa mstatili unatosha kuonyesha kwa nini sehemu hupinduliwa.

Tuchukue fundi cherehani mwenye utepe wa mita 2 1/2. Kila gauni analoshona linahitaji utepe wa 3/4 ya mita, yaani robo tatu. Utepe huo utatosha magauni mangapi?

Kabla ya kugusa utepe wote, tuanze na mita moja. Chora mstatili mrefu uwe mita hiyo, uugawe katika vyumba vinne vilivyo sawa. Kila chumba ni robo mita. Paka rangi vyumba vitatu vya mwanzo. Hicho ni kipande cha gauni moja. Kimebaki chumba kimoja kisicho na rangi, na chumba hicho ndicho kinachobeba siri yote.

Kwa kipimo cha mita, chumba kilichobaki ni 1/4. Lakini swali halikuuliza mita; limeuliza vipande vya gauni. Kipande kamili kina vyumba vitatu, na hapa kuna kimoja, kwa hiyo kilichobaki ni theluthi moja ya kipande. Mita moja basi ina kipande kizima na theluthi yake: 1 1/3, au kwa maandishi mengine 4/3. Tazama namba hiyo. Ni 3/4 iliyopinduliwa, na hakuna aliyeipindua. Imetoka kwenye mchoro yenyewe, kwa kuwa mita ina vyumba vinne na kipande kina vitatu. Asili, ile namba ya chini, inaeleza mita imekatwa vyumba vingapi. Kiasi, namba ya juu, kinaeleza kipande kimoja kinameza vyumba vingapi. Anayeuliza mita ina vipande vingapi anagawa vyumba vyote vya mita kwa vyumba vya kipande, nne kwa tatu.

Kilichobaki ni chepesi. Kama mita moja hutoa vipande 4/3, mita mbili hutoa mara mbili ya hivyo, na mita 2 1/2 hutoa mara mbili na nusu. Ndiyo maana kugawanya kunageuka kuzidisha: 2 1/2 × 4/3, ambayo ni 5/2 × 4/3, sawa na 20/6, yaani 3 1/3. Asiyeamini na ahesabu vyumba. Mita 2 1/2 zina robo kumi. Robo tisa zinatoa vipande vitatu, na robo moja inabaki.

Robo hiyo ya mwisho huwatega hata wanaochora vizuri. Mwanafunzi hukata vipande vitatu, huona robo mita imebaki, kisha huandika 3 1/4. Mkono wake haukukosea. Alichokosa ni kubadili kipimo. Vile vitatu ni vipande vya gauni, ile robo ni ya mita, na viwili hivyo havijumlishwi bila kulinganishwa kwanza. Fundi akisema “nimebakiwa na robo mita” amesema kweli. Akisema utepe umetosha magauni matatu na robo, amekosea. Njia ya kuhakiki ni kurudi nyuma: 3 1/3 mara 3/4 inarudisha 2 1/2 kamili, ilhali 3 1/4 mara 3/4 inatoa 2 7/16, pungufu ya utepe alionao.

Mchoro huu hauyumbi hata utepe unapokuwa mfupi kuliko kipande. Tuseme fundi ana nusu mita tu. Nusu mita ni vyumba viwili, kipande kinataka vitatu, kwa hiyo anacho 2/3 ya kipande. Kanuni inasema vivyo hivyo: 1/2 × 4/3 = 4/6, au 2/3. Kinachobadilika ni namna ya kuuliza: badala ya “vipande vingapi” unauliza “sehemu gani ya kipande”.

Mstatili uleule unajibu pia swali la sura ya pili, ambalo shuleni hutajwa mara chache. Ndoo 6 za maji zimejaza 3/4 ya pipa. Pipa zima huchukua ndoo ngapi? Hii nayo ni 6 ÷ 3/4, ingawa hapa hakuna kinachokatwa vipande. Chora pipa katika vyumba vinne, vitatu vimejaa. Ndoo 6 ukizigawa kwa vyumba 3, kila chumba kinapata 2. Pipa lina vyumba 4, hivyo ni ndoo 8. Umegawa kwa 3 kisha ukazidisha kwa 4, na hiyo ndiyo kazi ya 4/3 ikiwa imefunguliwa hatua kwa hatua. Kwa maoni ya mwandishi huyu, mtoto anayesumbuliwa na utepe apewe pipa, kwa sababu hapa kila hatua ya kupindua ina kitu cha kushika.

Kanuni yenyewe ni kongwe. Mwanahisabati wa India, Brahmagupta, aliiandika mwaka 628: badilisha nafasi za kiasi na asili za kigawanyo, kisha zidisha. Imedumu kwa sababu ni fupi na haikosei ikifuatwa. Tatizo lake ni kwamba anayeishika bila mchoro husahau ni sehemu ipi ya kupindua. Akipindua ya kwanza, 2 1/2 inageuka 2/5, na jibu linatoka 3/10: utepe wa mita mbili na nusu usiofikisha hata gauni moja. Mwenye mstatili kichwani analikataa jibu hilo papo hapo, kwani kigawanyo kilicho kati ya sifuri na moja lazima kitoe jibu kubwa kuliko namba iliyogawanywa.

Mzazi anayemsaidia mtoto jioni na ajaribu na 2 ÷ 2/3. Kila kizima kikatwe vyumba vitatu, kipande kichukue viwili, na vipande vihesabiwe kabla ya kupindua chochote. Vitakuwa vitatu.