Gonga kwanza, lipa baadaye: Bibi, mjukuu na rundo la matikiti

Siku ya Ijumaa, kabla jua halijawa kali, Bibi alishuka kwenye kirikuu pale tambarare za Kahe akiwa ameshika bega la mjukuu wake. Macho yake yalikuwa yameanza kufunikwa na mtoto wa jicho. Mwanga aliuona, na umbo la mtu aliliona, lakini rangi zilikuwa zimemtoroka. Kwa mtu aliyekula, kuvaa na kusomesha watoto kwa kununua matikiti huku na kuyauza Taveta, hilo halikuwa jambo dogo.

Mjukuu alikuwa na miaka 19. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani Holili, na mwezi uliopita alitumwa peke yake. Alirudi na matikiti 80 yaliyong'aa vizuri machoni. Kesho yake sokoni mteja alipasua la kwanza, likawa jeupe. La pili lilikuwa na wekundu wa kubabaisha katikati tu. Mzigo ulionunuliwa shilingi 2,000 za Tanzania kwa kila tikiti uliuzwa kwa shilingi 100 za Kenya, ambazo kwa ubadilishaji wa siku ile zilikuwa ni zilezile 2,000. Gari lilikuwa limelipwa 40,000. Yaani alisafiri, akachomwa na jua, akarudi na deni.

Hakugombezwa. Bibi alisema tu, "Ijumaa ijayo tunakwenda wote."

Mkulima aliwapokea vizuri na kuwaonyesha rundo lililokwisha kuvunwa, kama matikiti 200, chini ya mti. Hapo ndipo wanunuzi wengi hufungwa bao. Tikiti likiwa bado shambani lina shahidi wake: ule mkia mwembamba uliojisokota kama chemchemi, unaoota kwenye tawi karibu na kikonyo cha tunda. Ukiwa kijani, tunda bado. Ukikauka na kuwa kahawia, tunda limekaribia au limefika. Lakini kwenye rundo shahidi huyo ameachwa shambani, na bei ikipanda sokoni wapo wakulima wanaovuna kabla ya wakati. Anayenunua chini ya mti amebaki na masikio na mikono yake.

Na tikiti si ndizi wala embe, ambavyo ukivikata vibichi utavivundika kwenye majani viive. Likishakatwa kwenye shina, sukari yake imeishia hapo. Rangi ya ndani inaweza kukolea kidogo, ila utamu hauongezeki hata ulilaze wiki mbili.

"Keti," Bibi alimwambia. "Usianze na tikiti. Anza na mwili wako. Jigonge paji la uso."

Binti alijigonga kwa kifundo cha kidole, huku akiangalia kama dereva anacheka.

"Hiyo ni sauti ya bichi. Kavu, ya juu. Sasa gonga kifua. Hiyo ndiyo tunayoitafuta: nzito, ina mwangwi. Sasa tumbo. Umesikia? Imekufa. Hilo limepitiliza, nyama imeanza kuwa kama uji."

Akampa sababu kwa lugha yake: tikiti bichi nyama yake imekaza, na kitu kilichokaza hulia juu, kama ngozi ya ngoma iliyotoka kwenye moto. Likiiva nyama inalegea kidogo na sauti inashuka. Likioza ndani halina cha kuvuta sauti tena.

Kisha akachukua tikiti moja, akaliweka kwenye kiganja cha kushoto na kuligonga juu kwa mkono wa kulia. Sehemu hii wengi huiruka. Wanagonga tunda likiwa chini udongoni au juu ya mengine, na udongo unaimeza sauti. "Kiganja cha chini nacho kinasikia," alisema. "Lililoiva linatetemeka hadi linafika mkononi. Bichi linakupa ugumu tu. Na kama ni zito la kukushinda, lipakate."

Binti akaanza. Kumi ya kwanza alichagua saba. Bibi akayapitia yote saba na kuondoa matatu.

La kwanza lilikuwa bichi wazi, hata dereva alisikia. La pili lilikuwa na sauti tamu kuliko yote, yenye mwangwi mkubwa, na binti alikuwa amelishika kwa fahari. Bibi alilipima uzito mkononi, akachukua jingine la ukubwa uleule katika mkono wa pili.

"Lipi zito?"

"Hilo jingine."

"Basi hili lina pango. Linalia kama debe kwa sababu ni debe. Ndani nyama imeachana, kuna ufa mkubwa katikati."

Mkulima, ambaye alikuwa amesimama kimya, alikubali kwamba msimu huu ameona kadhaa ya namna hiyo. Tatizo hilo mara nyingi huanza wakati wa maua: nyuki wakiwa wachache tunda halichavushwi sawasawa, na baadaye likinenepa haraka kwa maji mengi, moyo wake unachanika. Ua la tikiti hufunguka asubuhi na kufunga siku hiyohiyo, kwa hiyo anayepuliza dawa ya wadudu asubuhi anawafukuza wachavushaji wake mwenyewe saa anayowahitaji. Tikiti la pango linalika, na mara nyingine ni tamu, lakini mteja akilipasua mbele ya watu atadai punguzo.

La tatu lilikuwa na sauti nzuri na uzito mzuri. Bibi alilipitisha vidole polepole na kusimama penye kipele kidogo kigumu, kama gundi iliyokauka. "Inzi wa matunda amechoma hapa. Ametaga. Leo zima, Jumatano funza." Mzigo wenye funza ukifika mpakani kwa mkaguzi wa afya ya mimea, hasara inaweza kuwa ya gari zima.

Wakaendelea hivyo, mmoja akigonga, mwingine akipapasa. Mafunzo ya vidole yalichukua muda kuliko ya sikio. Tikiti changa lina nta, linateleza na kung'aa; lililokomaa limepoteza ule mng'ao na kidole kinakwama kidogo kikipita. (Ndiyo maana yale 80 yaliyong'aa yalikuwa yakitangaza hasara tangu mwanzo.) Kuna pia upande uliolalia udongo. Ukucha ukiingia hapo kwa urahisi, tunda bado. Ganda la lililoiva linagoma. Na doa la upande huo kwenye tunda lililoiva huwa la manjano kama siagi, si jeupe wala kijani cha kufifia. "Hilo la rangi," Bibi alisema, "utaniambia wewe."

Ilikuwa karibu saa tano walipofika kwenye tikiti kubwa kuliko yote, ambalo binti alihitaji mikono miwili kulinyanyua. Bibi alilipakata, akaligonga, akatabasamu. Sauti ilikuwa ya chini kabisa, ya kifua.

"Hili tutampa mama mwenye juisi."

Binti aliliinamisha. Doa lake lilikuwa jeupe. Akabonyeza ukucha, ukazama.

"Bibi, mimi naona bado."

"Unaona au unasikia?"

"Naona. Na ukucha umeingia."

Bibi aliligonga tena, mara tatu, akiwa ameinamisha kichwa. "Miaka yote sikio hili halijanidanganya," alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ilikuwa na ukali. Binti hakujibu. Alichukua kipande cha mkaa, akalichora alama ya msalaba na kuliweka kwenye gari peke yake, pembeni mwa kiti cha dereva.

Walipakia 80 bila hilo la msalaba. Majani makavu yalitangulia chini, matikiti yakalazwa kwa ubavu, hakuna lililosimamishwa kwa ncha. Tikiti lililoiva likidondoshwa kutoka kimo cha kiuno linaweza lisipasuke, ila ndani nyama inavilia kama jicho lililopigwa ngumi. Pale Himo dereva alitaka kuongeza mikungu miwili ya ndizi zilizoanza kuiva apate hela ya soda. Bibi alikataa kata kata. Ndizi inayoiva inatoa hewa inayoivisha jirani zake, na tikiti likiivuta hewa hiyo linalainika na kuwa chapwa.

Asubuhi ya Jumamosi walivuka Holili. Mzigo wao haukukaribia hata kidogo dola 2,000 za Marekani, ambazo ndizo ukomo wa utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya, kwa hiyo walijaziwa cheti rahisi cha uasilia palepale kituoni, mkaguzi akapekua matikiti kadhaa, wakapita.

Soko la Taveta lilikuwa limeshajaa. Mama mwenye juisi alikuja na kisu chake. Alimwamkia Bibi shikamoo, akamtazama binti kwa namna ya mtu anayekumbuka.

"Wewe ndiye uliyeniletea zile nyeupe?"

"Ndiye mimi, mama."

"Leo nitapasua tatu, na nitachagua mimi."

Alizama hadi katikati ya mzigo, hakuchukua ya juu. La kwanza lilikuwa jekundu hadi karibu na ganda, mbegu nyeusi. La pili jekundu. La tatu alilikata taratibu zaidi, na binti alikuwa anatazama chini, kwenye viatu vyake. Jekundu. Wapagazi walishagawana vipande kabla kisu hakijapanguswa.

Bei ikawa 150 za Kenya, na tatu zilizopasuliwa zikalipwa. Kwa hesabu ya Bibi, ambayo huifanya kichwani kwa sarafu zote mbili kwa wakati mmoja, ni 12,000 za Kenya, sawa na 240,000 za Tanzania. Mtaji 160,000, gari 40,000. Ilibaki 40,000, ikatosha kulipa pengo la mwezi uliopita na kubaki bila kitu, ila bila deni pia.

Gari lilipokuwa tupu, Bibi aliagiza lile la msalaba lishushwe na kukatwa.

Lilikuwa la waridi uliopauka, na mbegu nyingi zilikuwa bado nyeupe. Bibi alilisogeza kipande karibu na jicho, kisha akala.

"Maji," alisema.

Alitafuna kimya kwa muda. "Ni kubwa mno," alisema hatimaye. "Kubwa linalia chini hata kama ni bichi. Nililipima kwa sauti za hayo madogo. Kubwa hulinganishwa na kubwa mwenzake, na lenye mistari na lenye mistari. Hili nalijua, na bado nimeteleza."

"Lilikuwa peke yake, Bibi. Halikuwa na mwenzake."

"Ndiyo. Ukabonyeza ukucha." Alifungua pindo la khanga, akatoa kile kifurushi cha noti za Kenya na za Tanzania, akakiweka kwenye kiganja cha binti bila kuhesabu. "Mwambie dereva Jumanne tunashuka tena Kahe. Mimi nitakaa chini ya mti."