Kifafa na riziki West Nile: Kazi ipi inamfaa nani?

Katika mji wa Koboko, kijana aliyeacha shule huwa na njia mbili za haraka za kupata fedha. Ya kwanza ni kuendesha bodaboda na kubeba abiria kuelekea mpaka wa Oraba. Ya pili ni kurudi nyumbani kusaidia familia katika kazi ya tumbaku. Kwa kijana mwenye kifafa, njia zote mbili zinaweza kumuua.

Ugonjwa huu si mgeni West Nile. Katika sehemu za Arua, Nebbi, Zombo na Maracha ipo mito ya maji ya kasi ambamo kwa miaka mingi wamezaliana usubi, wale inzi wadogo weusi wanaoeneza upofu wa mtoni. Tafiti katika nchi kadhaa za Afrika zimeonyesha kuwa kifafa huwa kingi zaidi mahali ambapo upofu huo umekithiri. Mwaka 2007 Uganda ilitangaza sera ya kuutokomeza, kwa kugawa dawa ya aivamektini na kuwaua usubi mitoni. Lakini watoto waliopata kifafa kabla ya hapo sasa ni watu wazima wanaotafuta kazi. Wapo pia waliokipata kutokana na malaria iliyopanda kichwani, uzazi mgumu au jeraha la kichwa.

Wengi wao wana nguvu za kulima, kushona, kuuza na kufundisha. Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza kuhusu kazi yoyote ni hili: mtu huyu akianguka na kupoteza fahamu kwa dakika mbili, ataangukia nini? Akiangukia mchanga, atainuka, atapumzika na kuendelea. Akiangukia moto, maji au barabara, dakika hizo mbili zinatosha kumlemaza au kumuua.

Kwa kipimo hicho, uvuvi wa Mto Nile upande wa Rhino Camp unatoka kwenye orodha. Kuezeka nyumba kunatoka, na vilevile kuchoma matofali na kukaanga chapati kando ya barabara za Arua kwenye jiko la mkaa lililo wazi. Bodaboda inatoka kwa sababu anayeanguka haanguki peke yake, abiria naye yumo. Uingereza huruhusu mtu mwenye kifafa kuendesha gari dogo iwapo kwa kawaida amemaliza mwaka mzima bila kuanguka. Kwa lori au basi, sharti ni miaka 10 bila kuanguka na bila kutumia dawa.

Swali la pili husahaulika mara nyingi: je, kazi hiyo inamwacha alale na kumeza dawa kwa wakati? Kukosa usingizi huamsha kifafa, na kukatiza dawa ghafla huleta mianguko mibaya zaidi. Hapo ndipo tumbaku inapokuwa kazi mbaya maradufu. Moto wa banda la kukaushia majani hulindwa usiku na mchana kwa takriban wiki moja, kwa hiyo mlinzi wake anakosa usingizi akiwa amekaa karibu na moto. Ulinzi wa usiku kwenye maduka ya Arua una tatizo hilohilo la usingizi, ingawa hauna moto.

Biashara ya mpakani iko katikati. Kuuza nguo au sabuni hakuna hatari kwenyewe, lakini anayekwenda gulio la Ariwara upande wa Kongo, au Yei huko Sudan Kusini, anaweza kukwama siku kadhaa kwa sababu ya mvua au barabara. Akibeba vidonge vya siku mbili tu, siku ya tatu yuko hatarini. Mfanyabiashara wa namna hii hubeba dawa za siku nyingi kuliko safari yenyewe, na huziweka mfukoni badala ya kuzifunga ndani ya mzigo.

Tuchukue mfano wa kijana wa miaka 19 anayemeza kabamazepini asubuhi na jioni. Anapewa daftari la kawaida, na kila anapoanguka, yeye au ndugu yake anaandika tarehe, saa, alichokuwa akifanya, alivyolala usiku uliotangulia na kama aliruka dozi. Tuseme baada ya miezi minne daftari linaonyesha mianguko sita. Minne ilitokea alfajiri baada ya kukesha msibani au bandani, na miwili ilitokea wiki ambayo dawa zilikwisha. Daftari hilo linamsaidia mhudumu wa afya kurekebisha dozi. Linamsaidia pia kijana kuchagua kazi, kwa kuwa sasa anajua kwamba anahitaji kazi ya mchana, iliyo karibu na mahali anapochukulia dawa.

Ushonaji unafaa hapa, lakini kwa mpangilio. Cherehani ya kukanyaga kwa miguu ni salama kuliko ya umeme, kwa sababu miguu ikiacha kukanyaga kwa mpango, sindano hukwama. Kwenye ya umeme, mguu uliokakamaa unaweza kubana kikanyagio na mashine ikaendelea kukimbia. Hatari kubwa ya fundi cherehani ni pasi ya mkaa. Fundi wawili wakikaa pamoja, mmoja anaweza kukata na kushona huku mwenzake akipiga pasi. Kibanda cha pesa za simu nacho kinafaa, mradi awepo mtu wa pili wa kulinda droo endapo mwenye kibanda ataanguka.

Ufugaji wa nyuki, ambao West Nile inaujua vizuri, unaonyesha jinsi kifaa kinavyoweza kubadili kazi. Mzinga wa gogo uliotundikwa mtini unadai kupanda, na haumfai. Mzinga wa mbao uliowekwa kwenye nguzo fupi, usawa wa kiuno, hauna haja ya ngazi. Anayebaki kuhitajika ni mwenzake wa kushika bomba la moshi wakati wa kurina asali.

Pengine kikwazo kikubwa ni watu walio karibu. Bado wapo wanaoamini kuwa povu la mgonjwa huambukiza, na hivyo humwacha aungue motoni bila kumgusa. Kifafa hakiambukizwi kwa mate. Anayefanya kazi karibu naye anapaswa kumvuta mbali na moto au maji, amlaze ubavu, asimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, kisha aangalie saa. Mwanguko ukizidi dakika tano, apelekwe hospitali haraka. Kwa hiyo mwenye kifafa anayeficha hali yake kazini anajinyima msaada huo. Si lazima soko zima lijue, inatosha ajue anayeketi jirani naye.

Uchaguzi wa kazi si hukumu ya maisha. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo, na baada ya miaka miwili bila mwanguko daktari anaweza kufikiria kupunguza dawa polepole. Wakati wa kupunguza, hatari hurudi juu kwa muda, kwa hiyo huo si mwaka wa kununua pikipiki. Ndugu wanaomchangia mtaji wafanye hesabu kwa kuangalia mwezi mbaya zaidi katika daftari, kisha waulize kama cherehani, mizinga au kibanda kile kingeendelea kuwa salama na kuleta pato mwezi huo.