Akaunti ya Malengo ya Mwaka Mpya: Akiba au Mlango wa Deni?

Kila ifikapo Januari, taasisi za mikopo midogo hutangaza akaunti za malengo: taja unachokitaka, weka kidogo kidogo, ukifikie kabla ya mwaka kumalizika. Ndugu zetu wengi wanauliza hukumu yake.

Tuanze na fedha yenyewe. Unapoiweka na taasisi ikaitumia huku ikidhamini kuirejesha yote, hiyo kwa wanazuoni wengi wa leo ni kardhi: wewe umeikopesha taasisi. Kuweka akiba hivyo kunajuzu, ila nyongeza iliyoshurutishwa juu yake ni riba. Ikiwa ni mudharaba, mnakubaliana mgao wa faida, mathalani nusu kwa nusu, na hapo mtaji hauna dhamana.

Tatizo kubwa zaidi huwa katika sharti la mkopo. Chukua mfano wa mama muuza vitumbua anayetaka shilingi 360,000 za sare na madaftari. Ameona anaweza kuweka 30,000 kwa mwezi, na kwa miezi 12 lengo linatimia. Mwezi wa tatu ana 90,000. Anapigiwa simu: "Umeshastahiki mkopo wa 300,000, kwa nini usubiri?" Riba ni asilimia 3 kwa mwezi ya mkopo wote, kwa miezi 10. Hiyo ni 90,000, sawasawa na akiba yake yote. Marejesho ni 39,000 kila mwezi, ilhali uwezo wake ulikuwa 30,000. Na ile akiba imezuiwa kuwa dhamana, hawezi kuitoa mtoto akiugua. Riba ni haramu, na juu yake amebebeshwa deni asilolimudu.

Tangazo safi huulizia lengo, tarehe na kipato, kisha hupanga kiwango cha kuweka. Halikuzi kiwango cha mkopo kila akiba inapoongezeka, na linaeleza wazi lini na kwa gharama gani unaweza kutoa fedha yako. Kwa hiyo kabla ya kutia saini, soma fomu utafute maneno "dhamana ya mkopo". Ukiyakuta, hiyo si akaunti ya akiba tu.

Uliza pia leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewagawa watoa huduma katika madaraja manne. Wa daraja la kwanza wanaruhusiwa kupokea amana za umma. Wa daraja la pili ni wakopeshaji tu, hawaruhusiwi. Mkopeshaji wa daraja la pili akikufungulia "akaunti ya akiba", usimpe fedha yako.

Aliyekwisha kuingia asivunjike moyo: aweke kwa kiwango alichokipanga, na mkopo aukatae kwa maandishi.

Wallahu aalam.