Kuliingiza Gari Ukunguni

Barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto hupanda milima ya Usambara kwa kona nyingi, na asubuhi za kipupwe ukungu hushuka mpaka ukaifunika. Picha ya barabara hiyo, mikaratusi ikififia mmoja nyuma ya mwingine, inapendeza sana kwenye bango la kampuni ya usafiri. Tatizo ni kwamba gari lenyewe halimo. Kosta ya kampuni ilipigwa picha siku nyingine, stendi, hewa ikiwa safi. Basi fundi wa picha huikata, huipachika barabarani, kisha huchukua brashi laini na kupaka weupe kuzunguka magurudumu. Anapomaliza, weupe ule umekaa kama pamba iliyobandikwa, na gari bado linaonekana limetoka kwingine.

Kosa haliko mkononi mwake. Liko katika kudhani kwamba ukungu ni kitu kinachokaa kando ya gari. Ukungu ni hewa iliyojaa matone madogo mno ya maji, na hewa hiyo imejaa nafasi yote iliyo kati ya kamera na gari. Kila mita ya nafasi hiyo hupunguza kidogo mwanga unaotoka kwenye gari na kuongeza kidogo mwanga wa ukungu wenyewe. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: gari liko mbali kiasi gani, na kwa umbali huo ukungu wa picha hii umeshakula nini? Vishungi vya kupaka kwa mkono vinakuja baadaye sana.

Mtaalamu wa hali ya hewa wa Ujerumani, Harald Koschmieder, aliliandikia jambo hili mwaka 1924. Alionyesha kwamba tofauti kati ya kitu cheusi na anga iliyo nyuma yake hupungua kwa sehemu ileile kwa kila hatua ya umbali. Kama mita 50 za kwanza zimekula nusu ya tofauti hiyo, mita 50 zinazofuata hula nusu ya kilichobaki, si nusu ya mwanzo. Hiyo ndiyo tabia ya leya hafifu zinapopangwa moja juu ya nyingine. Leya yenye Opacity ya asilimia 20 huacha asilimia 80 ya kilicho chini yake. Ya pili huacha asilimia 80 ya hiyo 80, yaani 64. Ya tatu huacha 51, na ya nne 41. Ndiyo maana mafundi wazuri hupanga leya hafifu kadhaa badala ya kumwaga moja nzito: leya zinajengeka kama ukungu unavyojengeka.

Tuifanye kazi yenyewe. Nitatumia majina ya vitufe vya Photoshop, lakini GIMP na Krita, ambazo ni za bure, zina zana zinazofanana na hizo. Katika picha yetu ya barabara kuna nguzo za umeme zilizopangwa kando, zote za mbao nyeusi za aina moja. Hizo ndizo rula yetu. Fungua kidirisha cha Info, chukua Eyedropper, na uiweke kwenye 5 by 5 Average ili chenga za picha zisikudanganye. Kipimo ni kutoka 0, weusi kamili, hadi 255, weupe kamili. Tuseme nguzo ya kwanza inasoma 40, ya pili 88, ya tatu 122, ya nne 145, na ukungu mtupu kule barabara inakoishia unasoma 200. Angalia namba hiyo ya mwisho. Ukungu huu, ambao jicho lako limekuapia kwamba ni mweupe, ni kijivu. Ukipaka weupe wa 255 ndani ya picha hii, umeleta mwanga ambao haukuwapo asubuhi ile.

Gari tunataka lisimame usawa wa nguzo ya tatu. Tairi zake, katika picha ya stendi, zinasoma 12. Mpira mweusi uliofika hapo hauwezi kuwa mweusi kuliko nguzo kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo tunautaka uwe karibu na 122. Kutoka 12 hadi 200 kuna hatua 188, nasi tunahitaji 110 kati ya hizo, ambazo ni kama asilimia 58. Leya nne za asilimia 20 hufunika asilimia 59. Fungua leya mpya juu ya gari, ijaze rangi uliyoichota kwenye ukungu wenyewe kwa Eyedropper, ifungie kwenye gari kwa Create Clipping Mask ili isimwagike nje, punguza Opacity hadi 20, kisha inakili mara tatu. Mteja akisema gari lisogezwe mbele hadi nguzo ya pili, unazima mbili kati ya hizo nne na kulikuza gari kidogo. Hesabu hii si ya maabara, kwa sababu namba za skrini hazipandi sambamba na mwanga halisi, lakini tunazilinganisha na nguzo za picha ileile, na kwa jicho inatosha.

Leya hizo ziache katika hali ya Normal. Mafunzo mengi hukuambia utumie Screen kwa kila kitu chenye weupe, na kwa ukungu ushauri huo ni mbaya. Screen hujua kuangaza tu. Lakini ukungu hung'arisha vyeusi na pia hushusha vyeupe. Paa la Kosta yetu lilisoma 245 stendi, juani. Nyuma ya leya nne za Normal linashuka hadi kama 218, likakaribiana na ukungu unaolizunguka. Kwa Screen lingepanda, na ungepata paa linalong'aa kuliko anga iliyo juu yake. Rangi nazo hufuata njia hiyo: mstari mwekundu ubavuni mwa gari unafifia ukielekea kijivu, kama vitu vyekundu vinavyofanya asubuhi ya ukungu. Na usitie Blur kwenye gari. Kwa umbali huu ukungu hupunguza tofauti ya mwanga na kiza, lakini kingo za mwili wa gari hubaki zimekatika vizuri. Gari lililofifishwa kwa Blur linaonekana limepigwa picha na kamera iliyokosa fokasi.

Sasa ndipo brashi laini inapoingia, na kazi yake ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Ukungu hautandi sawasawa. Hupita kwa mafungu. Fungua leya mpya juu ya zote, bila kuifungia kwenye gari. Weka Hardness 0, Flow asilimia 5 hivi, na upana wa brashi uwe mkubwa, angalau nusu ya kimo cha gari. Pitisha mkono polepole mbele ya magurudumu, uendelee mpaka kwenye majani ya pande zote mbili za barabara, kisha urudi. Brashi ndogo huacha michirizi inayoonyesha njia ya mkono, na brashi inayosimama pale gari linapoishia huchora utepe wa nuru kulizunguka.

Kuna jaribio moja ambalo silirukii kamwe. Zima jicho la leya ya gari pamoja na leya zake nne, ubaki na barabara na ukungu uliouchora. Kama unachokiona ni fungu la ukungu linalopita barabarani, umefaulu. Kama unaona umbo la Kosta limebaki pale kama kivuli cheupe, ulikuwa unalifuata gari badala ya hewa, na leya hiyo ifutwe ianzwe upya. Kuirekebisha huchukua muda mrefu kuliko kuianza.

Fungu moja hafifu zaidi liwekwe kwenye leya iliyo nyuma ya gari, hasa pale paa linapokutana na miti, ili miti irudi nyuma kidogo. Chini ya gari weka giza laini kati ya tairi, kwa rangi ya lami yenyewe iliyotiwa kiza, na hakikisha nalo linapita chini ya ukungu. Giza lisilofunikwa huonekana kama shimo barabarani. Usichore kivuli chenye kingo, maana mwanga wa asubuhi ya ukungu hutoka kila upande. Hapa kuna kikomo ambacho hakuna brashi inayokivuka: kama Kosta ilipigwa picha saa sita mchana, jua likaacha kivuli kikali chini ya vioo na mng'ao mkali kwenye boneti, ukungu utavififisha lakini hautavifuta. Tafuta picha nyingine iliyopigwa siku ya mawingu.

Taa za mbele ndizo mahali ambapo Screen inastahili. Matone hutawanya mwanga wa taa pande zote, kwa hiyo taa iliyowashwa ukunguni lazima iwe na duara laini la nuru kuizunguka. Leya mpya juu kabisa, brashi ileile laini, rangi ya manjano hafifu, mguso mmoja mpana na mmoja mdogo katikati yake.

Moshi na mvuke hupakwa kwa brashi hizohizo, ila rangi zake hutoka kwingine. Moshi mwembamba wa kuni una chembe ndogo sana zinazotawanya zaidi mwanga wa buluu. Ukiwa mbele ya msitu wenye giza huonekana wa buluu, na moshi huohuo ukipanda mpaka mbele ya anga angavu hugeuka wa kahawia. Anayeuchora wote kwa rangi moja hukosea nusu ya juu, na anayetumia Screen huukuta umetoweka kabisa unapofika angani. Mvuke wa birika nao hauanzi mdomoni. Unatoka ukiwa gesi isiyoonekana, na weupe huanza kidogo mbele, pale unapopoa na kuwa matone. Acha mwanya huo mdogo mtupu, kisha anza na ncha nyembamba inayopanuka na kupotea.

Kilichobaki ni chenga. Kila picha ya kamera ina chembechembe, hasa iliyopigwa kwenye mwanga hafifu, na brashi laini haina hata moja. Ukikuza hadi asilimia 100 utaona ukungu wako ni safi mno kando ya ule wa kweli. Ubaya mwingine hujitokeza kwenye eneo pana la kijivu: rangi hukatika kwa mapande kama ngazi, kwa kuwa faili la kawaida lina vipimo 256 tu kwa kila rangi. Fanya kazi katika 16 Bits/Channel tangu mwanzo. Mwishoni tia Add Noise yenye Monochromatic kwenye leya za ukungu, ukianza na asilimia 1 na kupandisha taratibu, mpaka chenga za ukungu uliouchora na za ukungu wa Usambara zisitofautike. Fanya hivyo kabla ya kuhifadhi faili la JPEG la mteja, kwa sababu JPEG huyazidisha mapande hayo, na baada ya hapo hakuna brashi ya kuyaondoa.